Sigara Ina Kumi, Wewe Unapata Moja: Hizo Tisa Ndizo Ziliniharibia Hesabu

Base yetu iko nyuma ya kinyozi, kwenye ngazi za jengo ambalo halijawahi kumalizwa. Jumamosi moja jioni jamaa anayetengeneza simu alikuja na kopo dogo la vile vifuko vyeupe vya nikotini, vya kuweka kati ya mdomo na ufizi. Akanionyesha maandishi ya kopo kama mtu aliyeshinda kesi.

"Buda, soma hapa. Miligramu kumi. Na sigara moja ina ngapi? Kumi. Kwa hivyo hii ni fegi moja, bila moshi. Mimi nimeacha kuvuta."

Jamaa wa boda akacheka mpaka akashika ukuta. "Acha uongo. Sigara ni miligramu moja, kila mtu anajua. Hapo umeweka sigara kumi mdomoni kwa mpigo. Utaanguka tukubebe."

Wakanigeukia mimi, juu eti mimi ndiye nilienda chuo. Wasee, chuo nilikaa mwaka mmoja na nusu kisha nikatoka, na kemia haikuwa kozi yangu. Lakini kwa jambo hili moja nilikuwa na jibu, kwa sababu tofauti ya hiyo kumi na hiyo moja ilinidanganya karibu mwaka mzima. Na wote wawili, fundi na wa boda, walikuwa na nambari sahihi mkononi. Walichokosea ni kudhani ni nambari ya kitu kimoja.

Tuanze na kumi. Chukua sigara ya kawaida, uipasue, umwage tumbaku yake kwenye mizani ya wale wauza dhahabu. Utapata kama gramu 0.7. Katika tumbaku ya sigara, nikotini huwa kama asilimia moja na nusu ya uzito. Piga hesabu: ni miligramu kumi na kidogo. Sigara nyingine zina zaidi, nyingine pungufu, lakini kumi ni nambari nzuri ya kubeba kichwani. Hiyo ndiyo nikotini iliyo NDANI, kabla hujawasha.

Sasa ile moja. Hiyo ndiyo inayoingia kwenye damu ya mvutaji akimaliza sigara yake, kwa wastani. Watafiti hawaipati kwa kukisia. Wanapima damu na mkojo wa wavutaji, wanatafuta nikotini yenyewe na kotinini, yaani kile ambacho ini linatengeneza likivunja nikotini, halafu wanarudi nyuma kwa hesabu. Inatoka kama miligramu moja, au moja na nusu, kwa sigara.

Kwa hivyo miligramu tisa zimepotea. Zimeenda wapi?

Mimi nilielewa hili nikiwa nahariri vidio, si darasani. Mimi na rafiki yangu tulikuwa na podkasti, tunarekodi juu ya paa la nyumba yao, simu imeegeshwa kwa ndoo ya maji. Kwenye rekodi moja ndefu niliwasha sigara mwanzo na nikaizima kabla hatujabadilisha mada, kamera ikiwa kwangu muda wote. Nilipokuwa nikikata hiyo klipu nikaona sigara iko hai kwa dakika sita. Ndani ya dakika hizo sita nimevuta mara tisa. Kila mvuto ulichukua kama sekunde mbili.

Tisa mara mbili ni sekunde 18. Dakika sita ni sekunde 360. Yaani kwa kila sekunde moja niliyokuwa navuta, sekunde 19 sigara ilikuwa inajivuta yenyewe.

Hapo ndipo sehemu kubwa ya tisa inapotelea. Sigara haingoji wewe umalize hadithi yako. Ukiwa unaongea, inaendelea kuungua polepole, na ule moshi mwembamba wa bluu unaopanda kutoka nchani una nikotini ndani yake. Moshi huo wa pembeni hubeba miligramu kadhaa hewani, mara nyingi zaidi ya zile anazopata mvutaji mwenyewe. Aliyekaa karibu nawe anavuta kidogo tu ya hizo kwa sababu zinasambaa, lakini nyingine zinatua kwenye pazia, koti na nywele. Ile harufu ya chumba cha mvutaji asubuhi ni sehemu ya nikotini aliyolipia na hakuipata.

Hata unapovuta, si kila kitu kinakufikia. Ncha ikipulizwa hewa huwa na joto la karibu nyuzi 900. Nikotini iliyo katikati ya moto huo inavunjwavunjwa, inakuwa vitu vingine. Inayokufikia ni ile iliyo nyuma kidogo ya moto, mahali ambapo kuna joto la kuitoa kwenye tumbaku kama mvuke lakini si la kuiteketeza. Mvuke huo unasafiri ndani ya sigara kuelekea mdomoni, na njiani baadhi yake unanasa kwenye tumbaku ambayo bado haijaungua, na mwingine unanasa kwenye filta. Halafu unazima, unatupa kipisi. Kipisi kina tumbaku iliyobaki na filta iliyojaa. Hiyo nayo ni nikotini, iko chini ya kiatu chako.

Kinachoingia kwenye mapafu, hicho sasa hakipotei sana. Mapafu yana eneo kubwa, ngozi yake ya ndani ni nyembamba mno, na damu inapita hapo hapo. Zaidi ya asilimia 80 ya nikotini iliyofika ndani kabisa inachukuliwa, na ndani ya sekunde 10 hadi 20 iko kwenye ubongo. Ndiyo maana miligramu moja inatosha kumfunga mtu miaka thelathini. Ni kidogo, lakini inafika haraka, na inarudiwa kila mvuto.

Mpaka hapo unaweza kusema sawa, sigara ni mashine mbovu, inamwaga tisa na kutoa moja. Mimi pia nilifikiria hivyo. Na hapo ndipo nilipopotea.

Wakati huo nilikuwa navuta sigara 12 kwa siku. Nanunua moja moja kwa kibanda, shilingi 20 kila moja, ingawa sheria yetu ya tumbaku ya mwaka 2007 imekataza kuuza sigara rejareja namna hiyo. Sijawahi kuona kibanda kinachojali. Nilikuwa nimeanza kukohoa asubuhi, na pesa ya kuhariri vidio za watu inakuja kwa matone. Nikaamua kupunguza. Sikutaka kuacha. Nilitaka kupunguza tu, kwa akili, kwa hesabu.

Hesabu yangu ilikuwa safi. Sigara moja, miligramu moja. Sigara 12, miligramu 12. Nikishuka hadi nne, ni miligramu nne. Nimepunguza theluthi mbili ya sumu, na kila siku naokoa shilingi 160. Nikamwambia mathe, naye akafurahi, akaniambia Mungu anaona juhudi zangu.

Nilishuka kweli. Wiki tatu nikafika nne, na nikakaa hapo miezi. Pesa iliokoka. Kikohozi hakikuondoka. Tulipopanda ngazi za base na wale jamaa, bado mimi ndiye niliyesimama ghorofa ya pili kutafuta pumzi. Nikasema labda ni vumbi. Nikasema labda ni baridi ya Julai.

Halafu nikahariri rekodi nyingine ya paa, ya kipindi kile cha sigara nne. Kwa mazoea nikahesabu tena. Sigara ilidumu dakika nne na nusu, si sita. Ndani yake nilivuta mara 15, na kila mvuto ulikuwa kama sekunde tatu. Nikaangalia uso wangu kwenye skrini: mashavu yameingia ndani kama mtu anayenyonya chupa ya soda iliyoganda. Na nilivuta mpaka moto ukafika kwenye maandishi ya filta.

Piga hesabu na mimi. Mara 15 kwa sekunde tatu ni sekunde 45, katika sekunde 270. Zamani nilivuta sehemu moja ya ishirini ya maisha ya sigara. Sasa ni sehemu moja ya sita. Muda huo si kipimo kamili cha miligramu, kwa sababu ukivuta moto unakolea na tumbaku inaungua kwa kasi zaidi kuliko ikiwa imetulia. Lakini mwelekeo hauna ubishi. Sikuwa navuta sigara ileile. Nilikuwa nafungua hazina.

Hiki ndicho ninachotaka ukibebe kutoka kwenye andiko hili. Ile miligramu moja si ya sigara. Ni ya mvutaji. Mwili wenye uraibu umezoea kiasi fulani cha nikotini na unakitafuta bila kukuambia. Ukiunyima sigara, unavuta kwa nguvu zaidi, unashikilia moshi zaidi, unaacha kipisi kifupi zaidi. Na sigara inaruhusu, kwa sababu ndani kuna kumi. Kutoka kwa sigara hiyohiyo mtu anaweza kutoa mbili, hata karibu tatu, bila kubadilisha chochote ila namna ya kuvuta. Zile tisa nilizodhani ni hasara kwa kweli ni akiba.

Sikuvumbua hili juu ya paa. Mwaka 1986 jarida la kitabibu la Marekani, la New England, lilichapisha utafiti wa Neal Benowitz na wenzake. Walichukua wavutaji waliokuwa wakivuta wastani wa sigara 37 kwa siku, wakawashusha hadi sigara tano tu. Kwa hesabu kama yangu, nikotini yao ilipaswa kubaki moja ya saba. Damu ikasema kitu kingine. Kila sigara iliyobaki ilivutwa hadi ikatoa karibu mara tatu ya ile ya awali, na kwa siku nzima walichoingiza mwilini kilipungua kwa karibu nusu tu. Si nikotini peke yake. Lami na kaboni monoksidi zilifuata njia hiyohiyo, kwa sababu zote zinasafiri kwenye moshi mmoja.

Nikirudi kwangu: kama kwenye sigara zangu nne nilikuwa natoa miligramu mbili kila moja, hiyo ni nane kwa siku. Nilitoka 12 nikaenda nane. Mimi nilikuwa natangaza theluthi mbili, mapafu yangu yamepewa punguzo la theluthi moja. Kikohozi kilikuwa kinajua hesabu kuliko mimi.

Sasa, hasira yangu si kwa mwili. Mwili unafanya kazi yake. Hasira yangu ni kwamba watengenezaji wa sigara walijua hivi zamani, na wakajenga biashara nzima juu ya ile nambari moja.

Tangu mwaka 1967 Marekani ilikuwa inapima sigara kwa mashine. Mashine inashika sigara, inavuta mililita 35 kwa sekunde mbili, inangoja hadi dakika moja itimie, inavuta tena. Nambari inayotoka ndiyo iliyokuwa ikitangazwa. Kiwango cha kimataifa cha ISO kinafuata mpigo huohuo. Ni mvutaji mpole sana, huyo. Hana stresi, hana deni la nyumba, hajapunguza kutoka 12 hadi nne.

Halafu wakatoboa filta. Chukua sigara, chambua ile karatasi ya rangi ya kahawia inayofunika filta, iweke mbele ya tochi ya simu. Kwenye sigara nyingi utaona mstari wa vitundu vidogo mno unaozunguka. Mashine ikivuta, hewa safi inaingia kwa vitundu hivyo na kuchanganyika na moshi, kwa hiyo kipimo kinashuka. Kwa njia hiyo sigara yenye nikotini ileile ndani inaweza kupata nambari ndogo na kuuzwa kama "nyepesi". Lakini mashine haina vidole wala midomo. Wewe unashika sigara hapo hapo kwenye vitundu, au unaifunika kwa mdomo, au unavuta kwa nguvu zaidi kwa sababu moshi unahisi mwepesi. Nambari ya mashine inabaki kwenye karatasi, nawe unapata kiasi ambacho ubongo wako umeagiza.

Ukitaka ushahidi, usiniamini mimi. Angalia vipisi. Siku moja nilikaa kwenye ngazi za base nikaviokota kama kumi na tano, wasee wakidhani nimerudia zile siku za njaa. Tazama upande uliokuwa mdomoni. Kama vitundu vilikuwa wazi, hewa ilipita pembeni ya filta, kwa hiyo doa la kahawia limekaa katikati na ukingo ni mweupe zaidi. Kama vitundu vilizibwa, filta yote imekuwa kahawia mpaka ukingoni. Vyangu vilikuwa kahawia sawasawa, kama chai ya maziwa. Watafiti wamekuwa wakitumia madoa hayohayo tangu miaka ya 1980.

Sheria yetu ya 2007 ilikataza maneno ya kupotosha kwenye pakiti, na Marekani ikayaondoa maneno kama "nyepesi" mwaka 2010. Ni vizuri. Lakini neno lilipoondoka, imani ilibaki. Nenda kibanda chochote usikilize mtu akiomba ile ya pakiti yenye rangi nyeupe "juu si kali". Ndani yake kuna zile kumi.

Hapa sasa natoa maoni yangu, na mnaweza kuniburuza.

Nambari ya kushughulikia ni kumi. Ile moja huwezi kuitungia sheria, kwa sababu inakaa kwenye mashavu ya mtu. Kumi iko kiwandani. Wazo hili Benowitz na mwenzake Jack Henningfield waliliandika mwaka 1994: shusha nikotini iliyo ndani ya tumbaku mpaka iwe ndogo kiasi kwamba hata ukivuta kwa nguvu zote haikufikii ya kukufunga. Januari 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipendekeza kiwango cha juu cha miligramu 0.7 kwa kila gramu ya tumbaku. Weka kwenye sigara yetu ya gramu 0.7: ni karibu nusu miligramu kwa sigara nzima. Hapo hata ukivuta mara 50 na kuimeza filta, miligramu moja huipati, kwa sababu haimo. Akiba imefungwa.

New Zealand ilitunga sheria kama hiyo Desemba 2022, kiwango chao kikiwa 0.8. Februari 2024 serikali mpya ikaifuta kabla nikotini haijashushwa. Kwa hivyo msinione kama naota jambo rahisi. Wa boda aliniambia sigara za magendo zitajaa mpakani siku hiyohiyo, na hajakosea, hilo ni tatizo la kweli na lazima lifungwe pamoja. Na sigara yenye nikotini kidogo bado ni moshi. Lami ipo, kaboni monoksidi ipo, itakuua ileile ukiendelea nayo. Faida yake ni kwamba dogo wa miaka 16 anayejaribu nyuma ya shule hatafungwa nayo, na mimi wa sigara nne ningekuwa nimepata sigara ambayo haina akiba ya kunidanganya. Kwetu Kenya mjadala unaishia kwenye ushuru na picha za pakiti. Sijasikia mtu akiuliza kuna nini ndani ya gramu moja. Mimi nauliza.

Nisieleweke vibaya kuhusu kupunguza. Kama unapunguza ukiwa na tarehe ya kuacha, endelea. Lakini ukijipa pongezi, usihesabu sigara peke yake. Hesabu mivuto. Angalia urefu wa kipisi. Jirekodi ukitaka. Kama sigara zimepungua na mashavu yanaingia ndani, haujapunguza ulivyodhani. Mimi nilipoona ile klipu ya pili nilikaa nayo siku mbili, kisha nikaacha zote nne. Wiki ya kwanza nilikuwa mtu mbaya, mathe atawathibitishia. Sasa ni mwezi wa nane, na ngazi za base napanda nikiongea.

Na ule ubishi wa Jumamosi? Niliwajibu hivi.

Kumi iliyoandikwa kwenye kopo ni ya NDANI, kama ile kumi ya sigara kabla hujawasha. Ukikiweka mdomoni kwa nusu saa au zaidi, karibu nusu ya nikotini inatoka, nyingine unaitupa na kifuko. Inayotoka, baadhi inapenya ufizi kuingia kwenye damu, baadhi unaimeza na mate, na ini linaharibu sehemu kubwa ya hiyo kabla haijazunguka. Kwa hesabu ya haraka unaweza kubaki na miligramu mbili, tatu, au nne.

"Kwa hivyo si sigara kumi," fundi akasema, akimwangalia wa boda.

"Na si moja pia," nikamwambia. "Ni zaidi ya ile uliyokuwa unapata kwa fegi, ila inapanda polepole badala ya kugonga kwa sekunde kumi na tano. Na hakuna moto, kwa hiyo hakuna inayoteketea au kupaa hewani. Hapa kinachomwagika ni kidogo kuliko kwenye sigara."

Akanyamaza kidogo. Halafu akakiri kwamba siku ya kwanza alitumia viwili pamoja, akatapika nyuma ya duka akidhani ni mutura wa jana. Haikuwa mutura. Kizunguzungu, jasho baridi na kutapika ndivyo mwili unavyosema nikotini imezidi. Nikamwambia kitu kimoja tu kwa uzito: kopo hilo lisikae mahali ambapo binti yake wa miaka miwili anafika. Mtoto akitafuna kifuko, au sigara nzima, hapo hakuna moshi wa pembeni wa kumwaga tisa. Zote kumi zinaingia tumboni mwake.

Akalifunga kopo, akaliweka mfuko wa ndani wa koti.

"Sasa mimi nimeacha kuvuta au sijaacha?" akauliza.

"Moshi umeacha," wa boda akamjibu. "Nikotini umebadilisha mlango."

Sikuwa na la kuongeza.